Tusi Moja Dikoni

"Naandika hadithi ya vijana wa Ng'ambo na wa bandarini. Nikiwaondolea matusi, wahuni wangu wanasema kama maustadhi. Nikiyatia, wanaonisomea wanasema wamechoka kabla ya ukurasa wa tatu. Nishike lipi?"

Wanaotaka matusi yaandikwe kama yalivyo wana hoja nzito, na mimi nilikuwa upande wao kwa miaka. Simama Darajani jioni, au panda daladala ya shamba siku ya mvua, usikilize. Anayeandika kwamba konda aliyekanyagwa mguu alisema "Ewe ndugu, umeniumiza" amesema uongo, na msomaji wa hapa ataujua uongo huo palepale, maana konda huyo amepanda naye jana. Uongo mdogo wa namna hiyo huivunja hadithi nzima. Mtu akishaacha kuamini mdomo wa mhusika, haamini tena hata kisu chake.

Wanaokataa nao hawasemi kwa sababu ya haya tu. Kwetu kitabu husomwa sebuleni, na mchezo wa redio husikilizwa na bibi na mjukuu chumba kimoja. Lakini hoja yao kubwa, ambayo wenyewe mara nyingi hawaitaji, ni ya sikio na jicho. Tusi la mtaani likirudiwa mara kumi kwenye mazungumzo, sikio hulipitisha kama linavyopitisha "bwana" au "yaani", kwa kuwa sauti, mkono na cheko la msemaji vinaliongoza. Kwenye karatasi hakuna sauti wala mkono. Jicho huyasoma yote kumi kwa uzito mmoja. Kwa hiyo ukinakili kila ulichokisikia, ulichoandika si kilekile kilichosemwa, bali kitu kizito zaidi yake.

Hapo ndipo nilipobadilisha msimamo, nikaanza kujiuliza jambo dogo zaidi: tusi hili linafanya kazi gani hapa? Na kwa Kiswahili cha Unguja na Pemba, kazi nyingi tunazodhani ni za matusi hufanywa na vitu vingine kabla tusi halijatoka mdomoni.

Chukua upatanisho wa sarufi. Shuleni tulifundishwa kwamba kiumbe hai hufuata a- na wa- hata jina lake likianza kwa ki-: kijana amekuja, kiboko amelala. Sasa mtu aseme, "Kijana kimekuja." Hakuna neno baya hata moja ndani ya sentensi hiyo, unaweza kuisoma mbele ya imamu. Lakini mtu mzima aliyetajwa hivyo amevuliwa utu, amekuwa kitu. Ukitumia li-, "litokee hapo", umemfanya jitu, zito na la kuchukiza. Ni silaha ya kila siku, na waandishi wengi wanaiacha kabatini wakati wanahangaika kuhesabu "mshenzi" ngapi zitoshe. Ina mipaka yake, bila shaka. Bibi akimtazama mtoto mchanga aliyelala akasema "kimelala", hayo ni mapenzi. Kinachoamua ni nani anasema, na mbele ya nani. Tena ukimpa mhusika ki- hiyo ukurasa mzima, nayo itachosha kama tusi lolote.

Kuna pia kukata neno. Ugomvini watu hawalimalizi tusi la mama. Husema "mamaako!" basi, likaachwa linaning'inia, na kila aliyepo amelimaliza kichwani mwake. Ukiandika hivyo hujaficha kitu, umeandika kama lilivyosemwa. Nyota na nukta katikati ya neno sizipendi, kwa kuwa hakuna mtu anayetukana kwa nyota, na msomaji husita pale akilifumbua fumbo badala ya kubaki kwenye ugomvi.

Nikupitishe kwenye mfano mmoja. Sudi anakopesha pesa kwa riba pale Malindi. Kombo ni hamali kutoka Pemba, anadaiwa shilingi 80,000. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

"We mbwa, pesa yangu iko wapi?"
"Nipe siku mbili, Sudi."
"Siku mbili, mwanaharamu wee? Mshenzi mkubwa! Jana ulisema siku mbili, mbwa wee!"
"Walahi n'takulipa."
"Utanilipa nini, maluuni? N'takuvunja miguu, mwanaharamu!"

Sudi amesema mara tatu tu, na matusi ni sita. Ubaya wake si wingi peke yake. Ameanzia juu, kwa hiyo hana pa kupanda. "Mwanaharamu" ya pili haifanyi chochote ambacho ya kwanza haikufanya, ila kuipunguza nguvu. Na neno hilo lina pande mbili ambazo rasimu hii imezichanganya. Marafiki wa maskani huitana hivyo wakicheka, "mwanaharamu mkubwa wee, umenifunga bao". Likisemwa kwa ukali mbele ya watu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu linagusa nasaba: linamwambia mtu kwamba mama yake alimzaa nje ya ndoa. Katika jamii ya Kiislamu hilo si neno la kurusharusha. Hapa limerushwa mara mbili, na Kombo hajashtuka hata mara moja. Asiposhtuka yeye, msomaji atashtukaje?

Nikaanza upya kwa kumtazama Sudi ni mtu wa namna gani. Ana kanzu safi, anakaa barazani, anasimama safu ya mbele. Riba anaiita msaada. Mtu wa hivyo ana heshima ya kulinda, na kutukana kunampunguza. Ikawa hivi:

Sudi alimkuta Kombo dikoni, tenga la samaki begani. Hakumwita. Alimgeukia mzee aliyekuwa akishona wavu.
"Assalaam alaykum, mzee wangu. Hiki kimeamka saa ngapi leo?"
Mzee aliitikia salamu, la pili hakulijibu. Kombo alilitua tenga.
"Sudi, nipe siku mbili. Walahi n'takulipa."
"Kinasema. Na kuapa kinaapa." Sudi alikunja mkono wa kanzu. "Mamaako hajambo, Kombo? Yupo palepale Wete?"
"Mama usimtie."
"Alaa! Namuulizia hali. Mtu mzima, peke yake, nyumba ya makuti. Moto hauna adabu, yakhe."
"Mwanaharamu wee!"
Mzee aliacha kushona. "Astaghfirullah," alisema, lakini hakumtazama Kombo wala Sudi.
"Umesikia, mzee?" Sudi alisema taratibu. "Mie sijamtukana mtu."

Tusi limebaki moja, na limetoka kwenye mdomo usiotarajiwa. "Mamaako" ambayo kwenye ugomvi ingekuwa nusu ya tusi, Sudi ameigeuza salamu, na salamu hiyo inatisha kuliko tusi zima. Kombo, asiye na fedha wala watu, hana silaha nyingine ila neno lile, na akilitumia tu ameshindwa mbele ya shahidi. Mzee anafanya kazi ambayo maelezo yangefanya vibaya: kupitia kwake msomaji anajua neno limeanguka kwa kishindo. Jaribu kuiondoa "Astaghfirullah" yake, uone tusi linavyopungua uzito.

Sasa pingamizi, na ni la haki. Rafiki mmoja aliyekulia bandarini alinisomea hii akasema, "Huyo Sudi sawa. Lakini si kila mhuni ana ulimi wa hivyo." Ni kweli. Fumbo linataka kichwa kilichotulia na wasikilizaji. Teja aliyeshikwa na arosto hana hata kimoja. Papasi wa miaka 17 aliyenyang'anywa mgeni wake na mwenzake mbele ya Forodhani hatatunga kijembe, atatukana, na kumnyima tusi hapo ni kumnyima maisha yake. Na hadithi ambayo kila mtu ndani yake anafumba itasikika kama usiku wa taarabu, wote wamefunga kanga za kujibizana.

Kwa hiyo upande wa wanaotaka matusi unashinda mahali fulani, nami napakubali waziwazi: mhusika ambaye kutukana ndiko kusema kwake. Sudi ana kijana wake wa kuvunja milango, wanamwita Nondo. Nondo hana sentensi isiyo na uchafu. Kuyaandika yote ni kurudi rasimu ya kwanza, kuyafuta ni kumuua. Nilichofanya ni kumwacha aseme moja au mawili kwa mdomo wake pale anapoingia, msomaji apate sauti yake, kisha msimulizi ayabebe yaliyobaki: "Nondo alianzia kwa mama, akapanda kwa bibi, akamaliza na waliolala makaburini." Hakuna tusi lililoandikwa, na hakuna msomaji wa hapa atakayeuliza alisema nini. Njia hii nayo usiitumie zaidi ya mara moja kwa mhusika mmoja, kwa kuwa mara ya pili msomaji anaona mbinu badala ya kumsikia mtu.

Kuna jambo linalosaidia ambalo waandishi wa kwetu tunalo mkononi: sababu ya kujizuia iliyo ndani ya hadithi yenyewe. Weka ugomvi huohuo saa kumi alasiri ya Ramadhani. Kombo anauma meno, anasema, "Nimefunga, Sudi. Usinitukanishe." Sasa ukimya wake si haya za mwandishi, ni mapigano ndani ya mhusika, na msomaji anangoja magharibi pamoja naye.

Ukitaka kujua kama umefika, mpe mtu asome kwa sauti, na wewe usitazame karatasi, mtazame yeye. Akiyapita matusi upesi, macho yakitangulia mdomo, hayo ni ya kufuta. Niliposomewa rasimu ya kwanza ya Sudi na Kombo, msomaji alifika "maluuni" tayari anaharakisha. Ya pili aliisoma polepole, na alipofika neno la Kombo akashusha sauti, kwa sababu mama yangu alikuwa ukumbini. Nikaliacha palepale.