Saa Tatu ya Mashine

Dada wa uhasibu alikuja mezani kwangu akitembea kama mtu aliyebeba yai kiganjani. "Kaka, nimefuta Mishahara."

Siyo faili. Folda nzima. Alidhani ni nakala ya zamani. Alikuwa ameshapekua pipa la taka la kompyuta yake, lakini kitu kikifutwa kwenye diski ya mtandao hakipiti huko, kinaondoka moja kwa moja.

Nikajiegemeza kitini kama mganga aliyeona mgonjwa mwenye pesa. Diski yetu ya mtandao inatumia mfumo wa mafaili wa ZFS, na kila saa inapiga snapshoti, yaani inakumbuka hali ya mafaili ilivyokuwa dakika ile. "Umefuta saa ngapi?"

"Saa nne kasoro kumi."

Basi naitaka ya saa tatu. Snapshoti hukaa kwenye folda `.zfs`, ambayo hata `ls -a` haikuonyeshi. Unaingia kwa kulijua jina lake tu. Nikaingia, nikachukua ya `03-00`, nikanakili Mishahara, nikamwita kwa madaha.

Akafungua. Kimya. "Kaka, hii ni ya jana. Nimeingiza posho tangu saa moja na nusu, ziko wapi?"

Jasho. Nikaamua kwamba nakala imerudi nusunusu, dawa ni kurudisha hifadhi nzima kwenye ile snapshoti. Nikaandika `zfs rollback`. Ikakataa: `more recent snapshots or bookmarks exist`. Ikanitaka niongeze `-r`, ambayo ingezifuta zote za baadaye pamoja na kazi ya asubuhi ya ofisi nzima. Mkurugenzi alikuwa anaandika bajeti humohumo.

Kidole kilikuwa tayari kwenye kistari. Kilichoniokoa ni orodha iliyojipanga chini ya lile katazo: `04-00`, `05-00`, mpaka `10-00`. Saba. Nikajiuliza, tangu lini kati ya saa tatu na saa nne kukawa na saa saba?

Mashine haijui Kiswahili. `03-00` ni saa tisa usiku, mimi nikiwa nakoroma. Saa tatu yetu ni `09-00`.

```
cd /mnt/data/ofisi
cp -a .zfs/snapshot/auto-2024-05-21_09-00/Mishahara Mishahara_saa3
```

Nikaipa jina jipya ili nisije nikaichanganya na ile niliyoharibu. Posho zikarudi, isipokuwa alizoingiza kati ya saa tatu na saa nne kasoro kumi: snapshoti ya saa tatu haikuwahi kuziona, na ya saa nne ilipopigwa folda ilikuwa imeshakwenda. Walikuwa watu wawili. Akaziandika upya akinitazama kwa jicho la pembeni.

Alasiri akapita mlangoni na kikombe. "Chai nikuletee saa kumi, kaka. Ya kwetu, au ya mashine?"