Bidhaa 38 zilizoondoka na kurudi siku hiyo hiyo

Anayelinganisha orodha mbili za stoo akaanza na idadi, kwangu ameanzia mwisho. Ningemwomba kwanza aangalie namba za bidhaa.

Niliwahi kuletewa orodha mbili, ya zamani na ya mwezi uliofuata. Ulinganisho wa kwanza ulisema bidhaa 41 zimeondolewa na 40 zimeongezwa. Nilishtuka, maana stoo ile haikuwa na mabadiliko makubwa kiasi hicho. Nilipoweka makundi hayo mawili bega kwa bega, majina yalikuwa yakijirudia: bidhaa iliyoondoka kama 00417 ilikuwa imeingia upya kama 417. Faili la pili lilikuwa CSV lililofunguliwa kwa Excel, nayo Excel huichukua 00417 kuwa tarakimu na kufuta sufuri za mbele. Bidhaa 38 zilikuwa zimebadilishwa namba kwa njia hiyo.

Dawa yake ni safu mpya ya namba, kwenye orodha zote mbili, inayoondoa nafasi zilizojificha na kurudisha tarakimu tano:

```
=TEXT(TRIM(A2),"00000")
```

Kisha, kwenye orodha mpya, unaitafuta idadi ya zamani, safu D ikiwa ndiyo hiyo ya namba mpya na C ikiwa ya idadi:

```
=XLOOKUP(D2,Zamani!D:D,Zamani!C:C,"mpya")
```

Neno "mpya" lina kazi. Wengi huweka 0 hapo, na mimi siafiki hata kidogo, kwa sababu bidhaa iliyokuwemo ikiwa imeisha si sawa na bidhaa ambayo haikuwemo kabisa. Ya kwanza imeongezwa idadi, ya pili imeingia orodhani. Fomula hiyo hiyo, ikigeuzwa upande wa orodha ya zamani, ndiyo inayoonyesha zilizoondolewa.

Baada ya kusafisha, zilizoondolewa kweli zilikuwa 3 na zilizoongezwa 2. Na katika zile 38, tano zilikuwa zimebadilika idadi bila mtu kujua, kwa kuwa hazikuwahi kukutanishwa.

Halafu nikajumlisha. Zamani vipande 8,420. Toa 60 vya zilizoondolewa, ongeza 25 vya mpya, toa 127 vya mabadiliko: 8,258. Lakini orodha mpya ilikuwa na 8,270. Vipande 12 havikuwa na maelezo. Ilikuwa bidhaa 10250, iliyoandikwa mara mbili kwenye orodha mpya, 30 rafuni na 12 chumba cha nyuma. Orodha ya zamani ilikuwa na 42. XLOOKUP hurudisha mstari mmoja tu, ule wa kwanza kuukuta. Mimi nami, nikitaka kila bidhaa ihesabiwe mara moja, nilikuwa nimefuta marudio nikabaki na ile ya 30. Kumbe hakuna kilichopungua. Marudio hujumlishwa kwanza kwa SUMIF, hayafutwi.

Ila hesabu hiyo ya jumla isingenionyesha sufuri zilizopotea. Bidhaa ikitoka na 40 na kuingia na 35 kwa namba nyingine, jumla inalingana vilevile. Kwa hilo bado nayasoma majina ya zilizoondolewa na zilizoongezwa kwa macho yangu, jina kwa jina.