Dakika nne za kuhariri: faili linashuhudia nini hasa?

"Faili linaonyesha dakika nne tu za kuhariri, na insha ina maneno 1,480. Hakuna binadamu anayeandika kwa kasi hiyo. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?" Ndivyo alivyouliza mwalimu mmoja baada ya kuifungua kazi ya mwanafunzi wake.

Hesabu yake haina kasoro. Ukigawa, unapata maneno 370 kwa dakika, na mchapaji akifika 100 tayari ni hodari. Kwa hiyo jambo moja limethibitika: maneno yale hayakuchapwa herufi kwa herufi ndani ya faili lile katika dakika zile. Lakini shtaka halikuwa hilo. Shtaka ni kwamba mwanafunzi si mwandishi. Kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili pana hatua kubwa, na ndiyo hatua ambayo faili haliwezi kumvusha mtu.

Tulitazame faili lenyewe. Hati ya Word, ile ya `.docx`, ni zipu, yaani kifurushi cha mafaili, iliyovaa jina jingine. Tengeneza nakala yake, badilisha mwisho wa jina uwe `.zip`, uifungue. Ndani utakuta folda iitwayo `docProps`. Humo mna `app.xml` na `core.xml`, na katika kisa chetu mistari inayohusika inasomeka hivi:

```
<TotalTime>4</TotalTime>
<Words>1480</Words>
<cp:revision>2</cp:revision>
<dcterms:created xsi:type="dcterms:W3CDTF">2024-05-14T19:51:00Z</dcterms:created>
<dcterms:modified xsi:type="dcterms:W3CDTF">2024-05-14T19:55:00Z</dcterms:modified>
```

Ile `Z` mwishoni mwa saa si pambo. Inasema kwamba saa hiyo ni ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, si ya mahali alipo mwandishi. Aliye saa tatu mbele ya UTC alikuwa kwenye saa nne na dakika 51 usiku. Asiyejua atasoma 19:51, aone ni saa moja na dakika 51 jioni, kisha amshike mwanafunzi kwa uongo pale anaposema aliifanya kazi hiyo karibu na saa tano.

`TotalTime` nayo ina tabia zake. Word huhesabu dakika ambazo hati imekuwa wazi, haihesabu kazi ya vidole, na hesabu huandikwa faili linapohifadhiwa. Ukiiacha hati wazi ukaenda kulala, asubuhi utaonekana uliihariri usiku kucha. Kinyume chake, ukiandika kwa muda wa saa tatu halafu ukatumia `Save As` kuipa hati jina jipya, faili jipya linaanza na sifuri. Huna haja ya kuniamini. Fungua hati yako ya zamani yenye dakika nyingi, uihifadhi kwa `Save As`, kisha utazame `File`, `Info`, sehemu ya `Total Editing Time`. Kazi ya wiki nzima inageuka kuwa kazi ya dakika moja, na hakuna neno hata moja lililobadilika.

Kwa faili letu, maelezo yanayokaa vizuri zaidi ni haya: hati mpya ilifunguliwa, maandishi yakabandikwa kutoka mahali pengine, yakapangwa kidogo, yakahifadhiwa. Hapo mimi na mwalimu tunakubaliana. Tunaachana kwenye maneno "mahali pengine". Huenda ni kazi ya mtu mwingine, au maandishi yaliyotolewa na mashine. Huenda pia ni daftari la simu alimoandika kwa siku tatu, Google Docs, barua pepe aliyojitumia mwenyewe, au faili lake la awali lililojaa maelezo ya pembeni ambayo hakutaka mwalimu ayaone. Kitendo cha kubandika ni kilekile katika hali zote hizi, na alama kinayoiacha ni ileile.

Upande wa mwalimu una hoja nzito kuliko hiyo dakika nne, na si haki kuupita juujuu. Kwanza, alama hizi hujiandika zenyewe wakati kazi inafanyika, mwandishi akiwa hana habari nazo. Maelezo ya mtu aliyekwisha kutuhumiwa hayana sifa hiyo. Pili, zipo alama tajiri kuliko dakika. Historia ya matoleo ya Google Docs huonyesha aya ikizaliwa, ikivunjwa, ikihamishwa, sentensi ya kwanza ikiandikwa mara nne. Kuighushi historia ya namna hiyo kwa mkono ni kazi kubwa, na mwanafunzi mwenye haraka ya usiku mmoja hatakuwa nayo subira. Mwalimu akiikuta, ana sababu nzuri ya kuridhika.

Word nayo ina alama isiyojulikana na wengi. Kila kipindi cha kazi, yaani kati ya kuhifadhi mara moja na kuhifadhi tena, hupewa namba ya bahati nasibu, na maandishi yaliyoingizwa katika kipindi hicho hubeba namba hiyo ndani ya `word/document.xml`, mfano `w:rsidR="00A77427"`. Insha iliyoandikwa kwa jioni tano inakuwa na namba nyingi zilizochanganyikana: aya ya pili ina namba ya Jumatatu, lakini katikati yake mna sentensi yenye namba ya Alhamisi, mwandishi aliporudi kurekebisha. Ukiona mchanganyiko huo, unaona mtu akifikiri.

Tatizo ni kuigeuza hoja hiyo kichwa chini. Namba moja tu kwenye hati nzima haina maana kwamba hakuna aliyefikiri. Aliyebandika insha ya wizi ana namba moja. Aliyekaa saa tatu akaandika na kuhifadhi mwishoni tu ana namba moja vilevile. Mpangilio wa Word unaoweka namba hizi unaweza kuzimwa, na zipo programu ambazo hati ikipita kwao namba hizo hufutika. Historia tele inamtetea mwandishi. Historia haba haimhukumu. Ninalisisitiza hili kwa sababu ndipo kosa lenyewe linapofanyika: watu wanaona jinsi alama nyingi zinavyoshawishi, kisha wanadhani kukosekana kwake kunashawishi vilevile kwa upande wa pili.

Hata historia tele ina mpaka wake. Mtu anaweza kuweka maandishi ya mwingine kwenye skrini ya simu akayachapa kwenye kompyuta neno kwa neno, na zipo programu za kuchapa zenyewe polepole, pamoja na makosa na marekebisho, ili historia ifanane na ya binadamu. Maandishi yaliyonakiliwa kwa kuchapwa kwa kawaida hujidhihirisha kwa kwenda mbele tu, mstari baada ya mstari, bila kurudi nyuma. Lakini aliyeandika rasimu yake kwa kalamu kwenye karatasi, kisha akaichapa, anaacha mstari huohuo ulionyooka. Anayeitamkia kompyuta maneno ili iandike naye hutokea kwenye historia kwa vipande vikubwa vinavyoangukia ukurasani kwa mkupuo, na ukitazama haraka utadhani amebandika.

Kwa nini basi alama hizi hushawishi kuliko uzito wake? Nadhani ni kwa sababu tunajiuliza swali moja badala ya mawili. Tunajiuliza: mdanganyifu angeacha alama hii? Ndiyo, angeiacha. Swali la pili linasahaulika: wasiodanganya wangapi huiacha pia? Tuchukulie mfano wa kubuni. Wanafunzi 100, kumi kati yao wamewasilisha kazi isiyo yao, na wanane kati ya hao kumi wana dakika chache. Wasio na hatia ni 90, na tuseme mmoja kati ya watano huandika kwenye simu au programu nyingine kisha hubandika. Hao ni 18. Mwalimu akiwakamata wote wenye dakika chache, atakuwa na watu 26 mbele yake, na 18 kati yao hawana kosa. Namba hizi nimeziweka mimi, lakini ukizibadilisha utaona somo halibadiliki mpaka uifanye tabia ya kubandika iwe adimu sana miongoni mwa waaminifu. Na kwa wanaoandika kwenye simu, au kwenye kompyuta ya kuazima, kubandika ndiyo njia ya kawaida.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi hapa. Faili la XML ni maandishi matupu. Ile 4 inaweza kufanywa 240 kwa kihariri chochote, zipu ikafungwa tena, na Word ikalifungua faili bila kunung'unika. Anayekusudia kudanganya ana sababu ya kujifunza hilo. Mwaminifu hana. Kadiri alama hii inavyojulikana, ndivyo inavyozidi kuwanasa wasio na hatia na kuwaacha waliojiandaa.

Metadata, yaani taarifa kama hizi ambazo faili hubeba kujihusu lenyewe, hupata nguvu pale inapogongana na kauli mahususi au inapoelekeza mahali pa kutafuta. Mwaka 2005, muuaji aliyejiita BTK huko Wichita, Kansas, alituma diski ya flopi kwa kituo cha televisheni. Ndani yake wachunguzi walikuta mabaki ya hati ya Word iliyofutwa, yenye jina la kanisa la Kilutheri na jina "Dennis" kama mtu wa mwisho kuihariri. Kiongozi wa baraza la kanisa hilo alikuwa Dennis Rader. Lakini polisi hawakumkamata kwa jina hilo tu. Walitafuta vinasaba vya binti yake kutoka sampuli ya kliniki, wakavilinganisha na vya kwenye matukio, ndipo wakamkamata. Metadata iliwaambia waanzie wapi, na uthibitisho ukatoka kwingine.

Kwa insha ya dakika nne, njia ni hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Mwalimu amwulize mwanafunzi kwanza, kabla ya kumwonyesha namba: uliandika wapi, kwa kifaa gani, siku zipi? Jibu "niliandika moja kwa moja kwenye Word, jioni ileile, kwenye faili hilihili" linagongana na faili, na hapo dakika nne zinakuwa na uzito, ingawa bado aulizwe kuhusu `Save As`. Jibu "niliandika kwenye simu" linakaguliwa kwa kuifungua simu pamoja naye: je, rasimu ipo, ina tarehe za kabla ya jioni ile, inatofautiana na insha ya mwisho kama rasimu zinavyotofautiana? Kisha wazungumze kuhusu insha yenyewe: kwa nini aliiacha hoja ya aya ya tatu bila mfano, na kitabu alichokitaja alikisoma sehemu gani.

Na kwenye ripoti, sentensi ambayo faili linaiunga mkono ni hii: "Sehemu kubwa ya maandishi haya inaelekea iliingizwa kwenye faili hili kwa mkupuo, kati ya 19:51 na 19:55 UTC, ikitoka mahali ambapo faili halionyeshi." Chini yake yaandikwe maelezo ya mwanafunzi, na kilichokutwa yalipokaguliwa.