Kupunguza msukumo wa usiku katika mtandao wa maji unaovuja: faida yake na mipaka yake

"Tundu kwenye bomba haliwi dogo kwa sababu msukumo umepunguzwa. Kwa nini basi tusizibe tundu, badala ya kuwapunguzia wateja maji?"

Hoja hii ina nguvu, na wanaoitoa mara nyingi ni mafundi waliochimba mitaro mingi kuliko wahandisi wanaowajibu. Hata hivyo, sehemu yake ya kwanza ni kweli kwa baadhi ya mabomba tu, na sehemu ya pili inategemea saa ambayo msukumo unapunguzwa.

Tuanze na tundu lisilobadilika, lenye upana wa milimita 5, katika bomba la chuma. Tuchukulie kuwa msukumo hapo ni mita 60, yaani maji yangepanda hadi kimo hicho kama bomba lingesimamishwa wima juu ya tundu. Kasi ya maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha msukumo, na kwa mita 60 kasi hiyo inakaribia mita 34 kwa sekunde. Tundu hilo, ambalo ni jembamba kuliko penseli, hupoteza karibu mita za ujazo 1.45 kwa saa, sawa na takriban 35 kwa siku nzima. Msukumo ukishushwa hadi mita 40, upotevu unakuwa karibu 1.19 kwa saa. Theluthi moja ya msukumo imeondoka, lakini maji yanayopotea yamepungua chini ya asilimia 20. Kama matundu yote yangekuwa ya namna hii, mpinzani wetu angekuwa na haki ya kusema kwamba faida haitoshi.

Lakini mabomba mengi ya mitandao ya leo ni ya plastiki, na plastiki hupasuka kwa urefu. Ufa wa namna hiyo una midomo miwili inayosogea: maji yakisukuma kwa nguvu zaidi, inatanuka, na msukumo ukishuka, inakaribiana. Hapo vitu viwili hupungua kwa pamoja, kasi ya maji na ukubwa wa njia yenyewe. Mwaka 1994 John May alilieleza jambo hili kwa kutenganisha mivujo ya eneo lisilobadilika na ile ya eneo linalobadilika. Kwa kundi la kwanza, uvujaji hufuata msukumo uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.5, kwa kundi la pili, kipeo kinaweza kufika 1.5. Mtandao wenye mchanganyiko wa chuma, plastiki na maungio yanayochuruzika huangukia katikati, mara nyingi karibu na 1, na hapo kushusha msukumo kwa theluthi hupunguza uvujaji kwa theluthi vilevile. Kwa hiyo kauli kwamba "tundu haliwi dogo" si sahihi kwa ufa wa plastiki, kwa sababu kwa kweli njia ya maji hupungua.

Sasa tuangalie saa. Mchana watu wanapochota, maji hukimbia kwa kasi ndani ya mabomba na msuguano hula sehemu ya msukumo. Usiku wa manane matumizi yanakaribia kukoma, msuguano unakaribia kutoweka, na msukumo unapanda hadi kilele chake wakati ambao hakuna anayeuhitaji. Mtandao huvuja zaidi watu wakiwa wamelala.

Nitatumia eneo la mfano lenye njia moja ya kuingizia maji, iliyofungwa mita. Saa 8 usiku mita inaonyesha mita za ujazo 24 kwa saa, na matumizi halali ya usiku yanakadiriwa kuwa 4, hivyo uvujaji ni 20. Katikati ya eneo, kipima msukumo kinasoma mita 60. Mchana, kwenye sehemu hiyohiyo, kinasoma 35, kwa sababu mita 25 zimeliwa na msuguano ndani ya eneo. Fundi anashusha msukumo wa usiku hadi 40 kwa valvu ya kupunguza msukumo, na mita inashuka hadi 17.3. Akiondoa matumizi yale 4, anabaki na uvujaji wa 13.3. Kipeo cha eneo lake anakipata hivi:

```
N1 = ln(13.3/20) / ln(40/60)
```

Jibu ni karibu 1. Sasa hakisii tena, kwani eneo lenyewe limemweleza lina mivujo ya aina gani. Kama msukumo mkubwa wa usiku ulikuwa ukidumu kwa muda wa saa nane, ameokoa takriban mita za ujazo 53 kila siku bila kuchimba mtaro hata mmoja.

Hapa ndipo wanaopunguza msukumo kwa pupa hukosea. Valvu ile ikiachwa kwenye kiwango hichohicho mchana kutwa, msuguano wa mita 25 bado upo, na katikati ya eneo zitabaki mita 15. Nyumba iliyo kilimani, mita 12 juu ya hapo, itabaki na mita 3, ambazo kwa maisha ya kawaida ni sawa na kukosa maji. Malalamiko ya wateja katika hali hiyo ni ya haki kabisa. Dawa yake ni valvu inayobadilishwa kwa saa, au bora zaidi, inayopandisha msukumo pale mtiririko unapoongezeka, ili zimamoto nao wapate maji wakiyahitaji usiku. Valvu ya namna hii ni ghali zaidi na ina vijibomba vyembamba vya kuiongoza, ambavyo huziba kwa uchafu visiposafishwa.

Upande wa mafundi una hoja nyingine ambayo naiheshimu zaidi: msukumo mdogo huficha mivujo. Mvujo hutafutwa kwa kusikiliza, na maji yanayotoka kwa upole hayana kelele, hasa ndani ya plastiki ambayo husafirisha sauti vibaya. Hili ni kweli. Linatatuliwa kwa kurudisha msukumo kwa usiku wa kusikiliza tu, lakini lazima mtu apange usiku huo, vinginevyo nyufa zinabaki ardhini zikivuja polepole kwa miaka. Kwa upande mwingine, msukumo uliotulia hupunguza idadi ya mipasuko mipya, na fundi anapata nafasi ya kuishughulikia ile ya zamani. Kwa maoni yangu, valvu inatangulia na mtaro unafuata, lakini bajeti ya mtaro isikatwe kwa kisingizio cha valvu.

Lipo kosa moja ambalo hujificha nyuma ya matokeo mazuri. Ukishusha msukumo na mita ya kuingilia ikaporomoka hadi karibu na sifuri, usishangilie. Angalia kipima cha katikati: kama chenyewe hakikushuka kama ulivyotarajia, basi kuna valvu ya mpakani iliyoachwa wazi, na maji yanaingia kutoka eneo la jirani bila kupita kwenye mita yako. Njia ya kuhakikisha ni kufunga kabisa njia ya kuingizia kwa muda mfupi usiku, baada ya kuwaarifu wateja, na kutazama sindano. Eneo lililofungwa vizuri hupoteza msukumo ndani ya dakika chache, kwa kuwa mivujo yake yenyewe inalikausha. Sindano ikisimama kwenye mita 30 na kukataa kushuka, "akiba" iliyoandikwa kwenye ripoti ni maji yaliyosomwa kwenye mita ya jirani, na hesabu ya kipeo inapaswa kurudiwa upya baada ya valvu hiyo kupatikana na kufungwa.