Damu Yangu Mwenyewe Ilivyoniumbua Mbele ya Darasa

Najua wengi mmeshaisikia. Yule rafiki yangu aliyenitoa damu asubuhi alikuwa amesharusha sauti kwenye makundi kabla hata sijavua glavu. Kwa maelezo yake nilitia sabuni kwenye damu, ikapasuka, nikakimbia darasa. Sabuni haikuwepo, jamani. Ilikuwa yurea, ile ya kwenye mkojo. Na sikukimbia, nilienda kuchukua chumvi. Tukae sawa kabla hajaongeza kwamba nilizimia.

Somo lilikuwa osmosisi, yaani maji kupenya utando kuifuata chumvi upande ilikozidi, na jaribio lenyewe ni la wazi. Unachukua damu kidogo iliyotiwa heparini isigande. Unapanga tyubu, kila moja ina mililita 5 za mmumunyo wake, unadondosha matone mawili ya damu, unaziba na kupindua taratibu. Hutikisi, maana kutikisa peke yake kunaweza kupasua chembe, halafu ukasingizia maji. Baada ya hapo unaweka karatasi yenye maandishi nyuma ya tyubu na kujaribu kuyasoma. Chembe nyekundu zikiwa nzima, zinatawanya mwanga na tyubu inakuwa na ukungu, huoni herufi hata moja. Zikipasuka, hemoglobini, ile protini inayozipa wekundu, inamwagika majini na kinachobaki ni kimiminika chekundu kinachopitisha macho. Huhitaji hadubini wala mashine. Unahitaji karatasi tu, na kwangu mimi karatasi ndiyo iliyoniua.

Damu ilikuwa yangu mwenyewe. Kumbukeni hilo.

Mwanzo nilikuwa moto. Tyubu ya 0.9%, yaani gramu 9 za chumvi kwa lita: ukungu, haisomeki. Tyubu ya 3%: nayo haisomeki, lakini tone lake chini ya hadubini lilionyesha chembe zilizonywea na kuota miiba, kwa sababu maji yalitoka ndani kuifuata chumvi nje. Mwanafunzi mmoja akaniita, “Mwalimu, mbona hata hizi za 0.9% zina miiba huku pembeni?” Nikamjibu bila kupepesa: pembeni ya kioo maji yanakauka, chumvi inabaki, kwa hiyo ile 0.9% yako pale ukingoni si 0.9% tena. Sogeza kioo, angalia katikati. Akaangalia, akakuta visahani laini vilivyobonyea katikati. Darasa likaniheshimu. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba kuliko chembe yoyote iliyokuwa mezani.

Tukaja 0.45%, tyubu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu hesabu yake inakubali. Chembe nyekundu moja ina ujazo wa kama femtolita 90, kipimo kidogo mno cha ujazo. Chukulia 36 kati ya hizo ni vitu visivyohama, hasa hemoglobini, na 54 zilizobaki ni maji. Nje ukiipunguza chumvi nusu, maji ya ndani lazima yaongezeke mara mbili ili pande zote zilingane: 54 zinakuwa 108. Jumlisha 36, unapata 144. Sasa, utando wa chembe hii hauvutiki sana. Siri yake ni kwamba ni mkubwa kuliko kilichomo, kama foronya iliyotiwa pamba nusu, ndiyo maana chembe inaweza kuvimba kutoka kisahani hadi kuwa duara bila kuchanika. Eneo la utando ni kama maikromita za mraba 140, na duara la eneo hilo linabeba kiasi cha femtolita 155. Kwa hiyo 144 ni pembeni kabisa ya shimo. Chembe changa zinavumilia, zilizochoka zinapasuka, na ukiizungusha tyubu kwenye mashine chembe zikatulia chini, maji ya juu yana uwaridi hafifu. Ikishuka hadi karibu 0.3% hakuna inayobaki. Ukiona damu ya mtu inaanza kupasuka mapema zaidi ya hapo, kwenye 0.6% kwa mfano, shuku kwamba chembe zake tayari zilikuwa nene kama mpira kabla hujazigusa. Zilikosa nafasi ya kuvimbia.

Nikawaonyesha na maji matupu, yakasafika papo hapo. Makofi. Ningeishia hapo leo nisingeandika chochote.

Lakini nilikuwa na tyubu ya ziada. Nilikuwa nimepima gramu 1.8 za yurea, nikajaza maji hadi mililita 100. Nikawageukia nikawaambia: chumvi ya 0.9% ina milimoli 154 kwa lita, na milimoli ni namna ya kuhesabu molekuli, si chembe za damu. Kila moja inaachana kuwa sodiamu na kloraidi, kwa hiyo chembechembe zilizoyeyuka ni 308. Yurea haiachani. Gramu 18 kwa lita, gawanya kwa 60 ambayo ni gramu za moli moja ya yurea, unapata milimoli 300. Mia tatu na mia tatu na nane, tofauti iko wapi? Hakuna! Maji hayana sababu ya kwenda popote! Nikachukua kalamu nene, nikaandika kwenye kipande cha karatasi, kwa wima, neno moja: HAZIPASUKI.

Mlioshika vichwa, asanteni. Mngekuwepo mngeniokoa.

Nikabandika karatasi nyuma ya tyubu. Nikadondosha tone la kwanza, likashuka likivuta mkia mwekundu. Tone la pili. Nikaziba kwa kidole gumba chenye glavu, nikapindua mara moja, nikaiinua juu mbele ya dirisha ili hata wa nyuma waone. Ilikuwa na ukungu. Nikatabasamu. Nikasema, nakumbuka kabisa, “Mnaona?”

Ndipo kona ya H ikajitokeza. Nikadhani ni alama ya kidole kwenye kioo, nikaifuta na mkono wa koti. Haikufutika. Mguu wa pili wa H ukaja, halafu A, na ule ukungu ukawa unaondoka mbele ya macho yangu. Herufi zikapanda kutoka kwenye wekundu moja baada ya nyingine, Z, I, P, na kwa kuwa tyubu iliyojaa kimiminika inakuza kama lenzi, zilikuwa zimenenepa kuliko nilivyoziandika. Zote hizo zilikuwa sekunde chache tu, lakini mkono uliosimama juu unahesabu sekunde kwa namna yake. Mwanafunzi wa mstari wa mbele akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anayejifunza kusoma. Alipofika “K, I” akanitazama na kuuliza kwa adabu zote, “Mwalimu, ili neno lisomeke si lazima zipasuke?”

Rafiki yangu alikuwa mlangoni. Nilimsikia akicheka kabla ya wengine.

Kilichonipata ni hiki. Nilihesabu chembechembe nikasahau kuuliza nani anaruhusiwa kuingia. Hesabu ya chembechembe inakwambia mmumunyo una wingi gani, haikwambii chembe itavimba au itanywea. Hilo linaamuliwa na vile tu vinavyobaki nje. Sodiamu inabaki nje, kwa sababu utando hauipitishi kirahisi na ile kidogo inayopenya inarudishwa na pampu, kwa hiyo chumvi inashikilia maji upande wake. Yurea haishikilii kitu. Chembe nyekundu ina mlango wake maalumu, protini iitwayo UT-B, na yurea inamiminika humo mpaka ndani na nje zinalingana. Zikishalingana, yurea imejifuta yenyewe kwenye hesabu. Ndani bado kuna hemoglobini na potasiamu, nje hakuna kinachohesabika, na maji yana milango yake yenyewe, akwaporini, zile zilizompa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2003. Kwa maneno mengine, nilizitumbukiza kwenye maji matupu yenye cheti cha 300.

Na hapa ndipo inapouma. Kuna watu wachache, wanaopatikana zaidi miongoni mwa Wapolinesia na Wafini, ambao chembe zao hazina mlango huo wa yurea. Wanajulikana kwa kundi la damu la Kidd, aina ya Jk(a-b-), kwa kuwa alama za kundi hilo zimekaa kwenye protini hiyohiyo. Chembe zao hustahimili hata yurea ya moli 2 kwa lita kwa muda ambao za kawaida zimeshapasuka zote, na maabara hutumia jambo hilo kuwatambua. Ningekuwa mmoja wao, karatasi yangu isingesomeka, darasa lingepiga makofi, na mimi ningeendelea kufundisha upotofu kwa raha zangu hadi kustaafu. Lakini ni damu yangu, na mimi nina milango yote wazi.

Mengine yalikwenda haraka. Nilienda kuchukua chumvi (ile “mbio” mliyoisikia), nikayeyusha gramu 0.9 za chumvi na gramu 1.8 za yurea pamoja kwenye mililita 100. Jumla sasa ni kama 608, mara mbili ya damu. Nikawaambia wapige kura. Waliokwishanicheka wakasema zitapasuka, kwa kuwa yurea ndiyo muuaji. Waliobaki wakasema zitanywea na kuota miiba, kwa kuwa 608 ni nyingi. Tukadondosha. Ukungu ukakaa, na hadubini ikaonyesha visahani vya kawaida kabisa. Mwanzo zilinywea kidogo, halafu yurea ikaingia, maji yakairudia, zikatulia kwenye ujazo wao, kwa sababu ile chumvi ya 154 ilibaki nje ikifanya kazi yake. Kura zote zimekosa! Nilishangilia kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu, na hilo pia ameshalitangaza.

Kisha yule wa mstari wa mbele akauliza kuhusu gliseroli, milimoli 300 vilevile. Akanikabidhi kalamu na karatasi mpya, na uso mkavu kabisa. Nikairudisha kalamu mfukoni, nikatengeneza mmumunyo, nikadondosha damu, nikakaa kimya na mikono nyuma. Ilichukua muda mrefu kuliko yurea, kwa kuwa gliseroli inapita polepole zaidi, kiasi kwamba baadhi walishaanza kusema hazipasuki. Sikuwakatiza. Tyubu iliposafika ndipo nikasema, “Kama nilivyotarajia.”