Siku 183 za mkataba wa kodi: unahesabu kuanzia wapi?

"Mimi ni mshauri elekezi, naishi Dar, mteja wangu mkubwa yuko Johannesburg, naenda kwa vipindi na kila nikienda wananipa chumba kilekile. Nimeambiwa mwaka huu sijafika siku 183 kwa hiyo kule hawanidai kodi. Ni kweli?"

Kaka, hiyo namba ipo kweli ila imenyofolewa kwenye sentensi yake. Tanzania na Afrika Kusini wana mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, ulisainiwa 2005. Mikataba ya aina hii inasema faida ya biashara inatozwa kodi nchi unayoishi, isipokuwa kama kule kwingine una "kituo cha kudumu", yaani sehemu maalumu ambayo biashara yako inafanyikia. Anayefanya kazi kama mtu binafsi mara nyingi ana ibara yake ya huduma za kitaalamu, kule neno ni "kituo maalumu" lakini swali linabaki lilelile: una mahali? Kwa hiyo hicho chumba cha mteja kinanitia wasiwasi kabla hata hatujahesabu siku. Si lazima kiwe chako wala ukilipie kodi ya pango, kinachoangaliwa ni kama unakitumia unavyohitaji na kama kinajirudia. Ukikaa mapokezi na leptop unasubiri kikao hapo huna kitu, lakini meza ileile, mafaili yako kabatini, kadi ya mlango kwa jina lako, hiyo ni habari nyingine.

Sasa siku. Mikataba mingi inayofuata mkataba wa mfano ulioandaliwa na Umoja wa Mataifa inasema huduma, ushauri ukiwemo, zinakuwa kituo cha kudumu zikizidi siku 183 ndani ya miezi 12 yoyote, inayoanza au kuishia ndani ya mwaka wa kodi husika. Neno la hatari hapo ni "yoyote". Tuseme Julai mpaka Desemba 2024 ulifanya kazi kule siku 95, Januari mpaka Juni 2025 siku 94, na baada ya hapo hukurudi. Ukihesabu kalenda hakuna mwaka uliofika hata 100, ila ukichukua Julai mpaka Juni ni siku 189, umevuka. Na kule mwaka wa kodi wa mtu binafsi unaisha mwisho wa Februari, kwa hiyo hiyo "mwaka huu" yako hata siyo mwaka wao.

Watu wanabishana kwa haki kabisa hapa: ukivuka siku lakini huna chumba, inakuwaje? Upande mmoja wanasema aya ya kwanza ya ibara ya kituo cha kudumu ndiyo inatoa maana, lazima pawe na mahali, yanayofuata ni mifano tu. Hoja hiyo siyo ya kubeza, maelezo ya OECD, shirika la nchi tajiri lenye mkataba wake wa mfano, kuhusu orodha ya mifano hiyo, yaani ofisi, kiwanda, machimbo, yanaelekea hukohuko. Upande wa pili wanasema kipengele cha huduma hakitaji mahali popote, kinataja siku, sasa ukikilazimisha kitimize na sharti la mahali kitakuwa kimeandikwa bure. Mahakama ya kodi ya Afrika Kusini iliamua hili 2015, kampuni ya Marekani iliyotoa ushauri kule 2007 na 2008, kwa mkataba wa Marekani na Afrika Kusini, na ikakubali upande wa pili: siku zinatosha zenyewe. Ikaongeza kwamba hata hivyo chumba cha mikutano walichopewa kwa mteja kilitimiza sharti la mahali. Mimi naona walisoma sawa, ila ni mkataba mwingine, kwa hiyo fungua wa kwako uone kipengele cha huduma kimekaa wapi: kikiwa aya inayojitegemea ubishi unapungua sana, kikiwa ndani ya ile orodha ya mifano mwanasheria wako bado ana la kusema.

Ukikutwa una kituo wanatoza faida inayotokana na hicho kituo tu, siyo kila unachoingiza, na ulichofanyia Dar kwa mteja huyohuyo kitenganishe kwenye ankara tangu mwanzo maana baadaye ni kazi. Halafu huku nyumbani TRA wanakupunguzia kodi uliyolipa nje, lakini mwisho ni kiasi ambacho ungelipa huku kwa pato hilohilo: kule umelipa sawa na milioni 18, huku ingekuwa 15, unapunguziwa 15 na hiyo 3 haiingii kwenye punguzo la mwaka huo. Na kama ulilipa kule wakati mkataba haukuwaruhusu kukutoza, TRA wanaweza kuikataa yote na kukwambia kaidai ulikoilipa.

Toa pasipoti, andika kila siku ya kazi kule kwa miezi 24 iliyopita, halafu sogeza dirisha la miezi 12 mwezi mmoja mmoja uone jumla kubwa inafika ngapi.