Midomo iliyohama mstari

"Mbona midomo ya mama imetoka nje ya mstari? Kwani wino uliteleza?"

Mteja ana haki ya kuuliza. Alileta picha ya marehemu mamake hapa Majengo, Mombasa, akataka sura moja nichape mara nne kwenye karatasi moja, kila dirisha na rangi zake bapa: huku mtandio wa manjano, kule wa waridi. Wapenda usahihi watasema rangi sharti itulie ndani ya mstari kama mji wa kanga ndani ya pindo. Hawakosei kabisa.

Upande wa pili yupo msanii wa Marekani, Andy Warhol. Katika picha zake za mwigizaji Marilyn Monroe za 1962 alipaka rangi kwanza kwa mkono, kisha akachapa picha nyeusi juu yake kwa skrini, yaani kitambaa kilichokazwa kwenye fremu ambacho wino hupenyezwa. Mkono na skrini havilingani sawasawa, hivyo rangi ya mdomo au kope ikahama. Kuhama huko humkumbusha mtazamaji kwamba anaangalia sura iliyochapwa, si mtu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo pia hufunika uzembe (nimeshaitumia mwenyewe). Njia ya kutofautisha ni kutazama madirisha yote manne pamoja, iwapo skrini moja imeyabeba yote. Rangi ikihama kwa kiasi kilekile kila mahali, skrini ndiyo iliyowekwa hivyo, kwa makusudi au kwa kutopima. Ikihama huku na kule, karatasi hadi karatasi, bawaba za fremu zimelegea au karatasi haikugusa vizuizi vya kuiweka mahali pake. Ikizidi kadiri unavyokwenda mbali na vizuizi, karatasi yenyewe imetanuka.

Hilo la mwisho ndilo letu wa pwani. Nilichapa manjano siku ya jua, nyeusi siku mbili baadaye, baada ya mvua. Karatasi ya sentimita 50 ilikuwa imenyonya unyevu na kutanuka karibu milimita 1. Dirisha la kushoto lilikuwa sawa, la kulia likaacha ufa mweupe kando ya mtandio. Ufa ule ni kosa, na Warhol hawezi kunitetea. Siku hizi natundika karatasi chumbani tangu jana yake, nachapa rangi zote siku moja nikiweza, na kila rangi naipitisha milimita 1 chini ya mstari mweusi, ambao huja mwisho na kuficha pengo.

Midomo, hata hivyo, niliihamisha milimita 6 kwa makusudi, upande uleule katika madirisha yote. Kwa mwigizaji ambaye watu walimjua kwa picha tu, inafaa. Kwa mama ambaye wanawe wanaujua mdomo wake ukicheka, sina hakika tena. Nitamchapia nyingine, midomo ikae mahali pake. Mtandio nitauacha uhame.